Kukataa uhamisho wa idara bila kujifungia mlango wa cheo

Na Mwandishi Wetu, Maswa

MFANYAKAZI anapoitwa na mkuu wake na kuelezwa kwamba uongozi umependa ahamie idara nyingine, majibu mawili humjia haraka mdomoni. La kwanza ni kukubali asichokitaka kwa kuogopa kuonekana mkaidi. La pili ni kukataa kwa hasira, kisha kukaa miaka mingi katika nafasi ile ile huku wenzake wakimpita. Yote mawili huwagharimu watu waliokuwa na sifa nzuri za kupanda.

Lipo jibu la tatu, nalo lina kanuni zake. Makala haya yanalieleza kwa kutumia mfano tulioutunga kutokana na mazingira ya kawaida ya Nyalikungu, kata iliyo katika mji wa Maswa, mkoani Simiyu. Mkoa huo, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, ni kitovu cha kilimo cha pamba nchini, na kwa vijana wengi wa huko ajira ya kudumu katika kiwanda cha kuchambua pamba ni bahati isiyochezewa.

Tumchukue mwanamke wa miaka 31, aliyeajiriwa katika kiwanda cha namna hiyo kwa miaka minne sasa, akiwa msaidizi katika idara ya ununuzi. Kazi yake ni kufuatilia pamba inayokusanywa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, maarufu kama AMCOS, kabla haijapakiwa kwenye malori kwenda kiwandani. Jioni amekuwa akisoma, na mwaka jana alihitimu stashahada ya uhasibu. Mapema Machi mhasibu msaidizi wa kiwanda ameacha kazi. Meneja anamwandikia barua fupi akimweleza kwamba uongozi "unapendekeza" ahamie idara ya fedha kuanzia Aprili, kwa mshahara ule ule pamoja na posho ndogo ya mawasiliano.

Kwa meneja, hilo ni jambo jema. Binti amesoma uhasibu, nafasi ya uhasibu iko wazi, na ofisi haina vumbi wala safari za vijijini. Kwa mfanyakazi, hesabu ni nyingine. Alisoma uhasibu ili siku moja awe mkuu wa idara ya ununuzi, kwa kuwa aliona wakuu waliotangulia wakishindwa kutetea hesabu zao mbele ya wakurugenzi. Akiingia fedha kama msaidizi, mbele yake wapo watu wawili wenye shahada. Katika ununuzi, mkuu wake anastaafu baada ya misimu miwili.

Je, ni pendekezo au ni amri?

Kabla ya kufikiria maneno ya kujibu, mfanyakazi anapaswa kujua ameandikiwa nini. Barua inayosema "tunapendekeza", "tungependa kujua maoni yako" au "iwapo utakubali" ni pendekezo, na pendekezo linaweza kukataliwa. Barua inayosema "unahamishwa kuanzia tarehe fulani" ni maelekezo ya kazi, na kuyakataa ni jambo jingine kabisa. Iwapo meneja amezungumza kwa mdomo tu na maneno yake hayaeleweki, njia ya heshima ni kumuuliza: "Samahani mzee, hili ni pendekezo ninaloweza kulitolea maoni, au uamuzi umekwishafikiwa?" Swali hilo halimuudhi mtu, na jibu lake huokoa mengi.

Hatua inayofuata ni kuutoa mkataba kabatini na kuusoma. Mikataba mingi ya sekta binafsi ina kipengele kinachosema kwamba mwajiri anaweza kumpangia mwajiriwa kazi nyingine au kituo kingine kadiri mahitaji yatakavyokuwa. Aliyetia saini mkataba wenye kipengele hicho ana nafasi ndogo ya kusema hapana na nafasi kubwa zaidi ya kuomba. Tofauti hiyo ni ya msingi, kwa sababu Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya sheria ya kazi, zinautaja ukaidi uliokithiri miongoni mwa makosa makubwa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi.

Kwa upande mwingine, sheria haimwachi mfanyakazi mikono mitupu. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, kinamtaka mwajiri ampe mwajiriwa taarifa za maandishi anapoanza kazi, zikiwamo maelezo ya kazi yenyewe, mahali pa kazi, saa za kazi na ujira. Jambo lolote kati ya hayo linapobadilika, mwajiri anatakiwa kuzirekebisha taarifa hizo kwa kushauriana na mwajiriwa na kumjulisha mabadiliko hayo kwa maandishi. Sheria inazungumzia kushauriana. Kwa hiyo mfanyakazi ana haki ya kusikilizwa, ingawa si kila anayesikilizwa hukubaliwa.

Ikumbukwe kwamba maelezo haya yanahusu kampuni binafsi. Mtumishi wa umma, kwa mfano mwalimu au ofisa wa halmashauri, hutawaliwa na sheria na taratibu za utumishi wa umma, ambako uhamisho kwa kawaida hutolewa kama uamuzi. Mtumishi huyo asichukue mfano wa jirani yake wa kiwandani akaupeleka ofisini kwake ukiwa mzima mzima.

Mfanyakazi wetu amesoma barua na mkataba. Barua inapendekeza, na mkataba unataja idara ya ununuzi bila kipengele cha kumhamisha popote. Anayo nafasi ya kukataa. Linalobaki ni namna.

Maswali matatu kabla ya jibu

Kosa linalotendeka mara nyingi ni kujibu siku ile ile. Aliyejibu papo hapo hujibu hofu yake, kwani bado hajajua hali halisi ilivyo. Lakini kuchelewa nako kuna hatari yake, hasa katika mazingira yetu ambako mdogo hamkatalii mkubwa waziwazi. Mfanyakazi husema "sawa mzee, nitalifikiria", kisha hukaa kimya akitumaini jambo litasahaulika. Meneja hulihesabu neno hilo kuwa ndiyo ya adabu. Baada ya wiki mbili jina limekwishawekwa kwenye orodha ya idara mpya, na kukataa wakati huo huonekana kuwa ni kugeuka.

Dawa yake ni kuomba muda wenye tarehe. "Nashukuru kwa kunifikiria, mzee. Naomba nikupe jibu Jumatatu asubuhi." Siku nne au tano zinatosha. Katika siku hizo aulize mambo matatu.

La kwanza ni kwa nini amechaguliwa yeye. Sababu inaweza kuwa sifa yake, inaweza kuwa pengo lililotokea ghafla, na inaweza kuwa kwamba mkuu wake wa sasa anataka kumwondoa. Majibu haya matatu hayafanani, na kila moja linahitaji mwenendo wake. Katika mfano wetu, sababu ni pengo, na yeye ndiye mtu wa kwanza aliyekumbukwa kwa kuwa ana cheti.

La pili ni pengo hilo ni la muda gani. Hesabu za mwaka za kiwanda zinafungwa Juni, na kinachomtisha meneja ni miezi mitatu ijayo. Hapo mfanyakazi anagundua jambo kubwa. Tatizo la meneja ni kwamba hesabu za msimu uliopita hazijalinganishwa na stakabadhi za ununuzi, na wakaguzi wanakuja. Kumpata mhasibu msaidizi wa kudumu ni jambo linaloweza kusubiri. Anayelijua tatizo la mkuu wake anaweza kukataa uhamisho na bado akalitatua tatizo.

La tatu ni nini kitatokea kwa nafasi anayoishikilia sasa, na hili ndilo watu wengi husahau. Iwapo kampuni inapunguza wafanyakazi na idara yake inafutwa, uhamisho ule ni jahazi la kuokolea, na kuukataa ni kujitosa baharini. Sheria ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyeachishwa baada ya angalau miezi 12 ya utumishi kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa kikomo cha miaka 10. Kwa miaka minne ya mfanyakazi wetu, hiyo ni mishahara ya siku 28. Lakini sheria hiyo hiyo inasema mtu anayeachishwa kwa sababu za uendeshaji, ambaye bila sababu ya msingi alikataa kazi mbadala aliyopewa, hastahili malipo hayo. Hivyo anaweza kupoteza nafasi, na kiinua mgongo nacho kikaota mbawa.

Kwa bahati njema, idara ya ununuzi haifutwi. Msimu unafunguliwa Mei kama kawaida.

Mazungumzo kwanza, barua baadaye

Jibu la hapana lisifike kwa meneja kwa ujumbe wa simu, wala kwa mdomo wa mtu mwingine. Likisikika kantini kabla ya kusikika ofisini, sababu zote nzuri zitakuwa zimekufa. Mfanyakazi aombe nafasi, aingie, asalimie, na aseme jibu lake mapema katika mazungumzo. Utangulizi mrefu wa shukrani humfanya msikilizaji aamini kwamba jibu ni ndiyo, na hapana inapokuja mwishoni humuumiza zaidi.

Katika mfano wetu, mazungumzo ya Jumatatu yanaweza kwenda hivi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, keti. Umefikia wapi?"

"Nimelitafakari, mzee, na ninashukuru kwa kuniamini. Naomba nibaki ununuzi. Naomba pia unipe dakika chache nikueleze kwa nini, na nikueleze ninavyoweza kusaidia hesabu za Juni."

"Mbona umesoma uhasibu halafu unaukimbia?"

"Siukimbii. Nausomea ununuzi. Hasara kubwa ya kiwanda hiki inaanzia huko vijijini, na hakuna anayeiandika kwa fedha."

Jibu hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Meneja ameuliza swali ambalo kila meneja angeuliza, kwani kwa macho ya nje mambo hayalingani: mtu amejigharimia masomo, kisha anaikataa kazi ya masomo hayo. Asiyelijibu swali hilo ataachwa na sifa ya mtu asiyejua anachotaka. Anayelijibu kwa jambo la kazi, linaloweza kupimwa, ameonyesha bidii yake bila kutamka neno bidii.

Hasara anayoizungumzia inafahamika kwa kila mtu wa pamba. Pamba ikifika ghalani ikiwa na unyevu, hupata joto ndani ya rundo, nyuzi hubadilika rangi, mbegu huharibika na mashine huziba. Ikiwa na mchanga, kiwanda kimenunua mchanga kwa bei ya pamba. Katika pamba mbegu, yaani pamba kama ilivyotoka shambani, nyuzi ni takriban theluthi moja tu ya uzito, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni mbegu. Kwa hiyo kila kilo ya maji iliyolipiwa hula faida ya kilo kadhaa za pamba safi. Msimu uliopita mfanyakazi huyu alianzisha daftari la kukagua unyevu na uchafu katika vituo sita. Daftari hilo lina msimu mmoja tu, na msimu mmoja hauna wa kulinganishwa nao. Akiondoka Aprili, kazi hiyo inakufa ikiwa na nusu ya thamani yake.

Sababu ya namna hiyo ina nguvu kuliko sababu za nyumbani. Si kwamba mtoto mchanga au mzazi mgonjwa si sababu. Ni sababu halali, na kama ndiyo ya kweli isifichwe. Lakini inamwambia meneja ni kwa nini hawezi, na haimwambii anataka kwenda wapi. Vilevile, sababu inayoisema vibaya idara nyingine, kwamba kule fedha kuna majungu au mkuu wake ni mkali, hufika kwa wahusika kabla ya jioni. Watu hao ndio watakaopitisha bajeti yake siku atakapokuwa mkuu.

Barua yenyewe

Baada ya mazungumzo, siku ile ile au kesho yake, jibu liandikwe. Barua hailengi kumshinda meneja. Meneja wa leo anaweza kuhamishwa kesho, na anayekuja atafungua jalada. Akikuta pendekezo la uhamisho bila jibu, au jibu la mstari mmoja, atajaza mwenyewe sababu. Barua ya ukurasa mmoja inatosha, nayo inaweza kuwa hivi:

*Kwa Meneja wa Kiwanda,*
*K.K. Mkuu wa Idara ya Ununuzi,*
*S.L.P. Maswa.*

*Tarehe 11 Machi*

*YAH: PENDEKEZO LA KUHAMIA IDARA YA FEDHA*

*Husika na somo tajwa hapo juu, na barua yako ya tarehe 5 Machi.*

*Ninashukuru kwa uongozi kunifikiria. Baada ya kutafakari na kuzungumza nawe tarehe 10 Machi, ninaomba kuendelea na kazi katika Idara ya Ununuzi.*

*Sababu yangu ni ukaguzi wa unyevu na uchafu niliouanzisha msimu uliopita katika vituo sita. Kati ya kila mizigo 100 iliyofika kiwandani kutoka vituo hivyo, 9 ilirudishwa kukaushwa. Ninalenga isizidi 5 msimu huu, na nitawasilisha taarifa yenye hesabu za fedha ifikapo tarehe 30 Septemba.*

*Kuhusu hesabu zinazofungwa Juni, niko tayari kufanya kazi na Idara ya Fedha siku mbili kwa wiki kuanzia sasa hadi tarehe 25 Aprili, ili kulinganisha stakabadhi za ununuzi na vitabu vya malipo.*

*Lengo langu ni kufikia nafasi ya uongozi katika Idara ya Ununuzi. Ninaomba tukutane mwezi Oktoba, baada ya taarifa hiyo, ili unieleze ninachopungukiwa kwa ajili ya nafasi hiyo.*

*Wako katika ujenzi wa kampuni,*

Mizigo 9 na 5 ni tarakimu za mfano wetu, na kila mfanyakazi atatafuta zake. Lakini mpangilio wa barua hiyo una sababu. Jibu limo katika aya ya pili, nalo limeandikwa kama ombi, si kama tangazo. Sababu ni moja tu. Anayetoa sababu tano humpa msomaji nafasi ya kuibomoa iliyo dhaifu kuliko zote, na ikibomoka hiyo, nyingine nne hutiliwa shaka. Pengo la meneja limeshughulikiwa kwa siku na tarehe zinazojulikana, na msaada una mwisho wake, kabla ya msimu kufunguliwa. Msaada usio na mwisho ni uhamisho kwa mlango wa nyuma: siku mbili huwa tatu, tatu huwa tano, na ifikapo Juni mtu anafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja.

Aya ya mwisho ndiyo inayotenganisha barua hii na kukataa kwa kawaida. Haiombi cheo. Haiweki sharti kwamba "nitabaki iwapo mtanipandisha", maneno ambayo meneja huyasikia kama kitisho. Inaomba kikao, inataja mwezi, na inasema wazi anakotaka kufika. Wafanyakazi wengi huona haya kuliandika jambo hilo wakidhani litaonekana kuwa ni tamaa. Matokeo yake uongozi huamini kwamba aliyekataa kuhama ameridhika, na nafasi inapopatikana hawamkumbuki.

Kuipitisha barua kwa mkuu wa idara nako si mapambo tu. Mkuu huyo anapaswa kujua kutoka kwa mfanyakazi mwenyewe kwamba aliombwa ahame na akachagua kubaki, na kwamba lengo lake ni uongozi wa idara. Lakini aambiwe kwanza kwa mdomo. Mkuu anayekaribia kustaafu akikutana na sentensi hiyo kwa mara ya kwanza ndani ya barua, anaweza kuona kiti chake kinapimwa akiwa bado amekikalia.

Miezi inayofuata

Barua ikishapokelewa, nakala yenye mhuri au saini ya mapokezi ihifadhiwe. Kisha kazi ianze, kwa maana ahadi yenye tarakimu ina ncha mbili. Ikiwa mizigo inayorudishwa itabaki 9 au itapanda, mfanyakazi asiifiche. Aandike ilivyo na kueleza sababu: pengine mvua ilichelewa kukatika, pengine vituo viwili havikuwa na maturubai. Taarifa ya kweli yenye matokeo mabaya bado inamwonyesha kama mtu anayeijua idara yake. Kunyamaza kunamwonyesha kama mtu aliyetafuta kisingizio cha kutohama.

Atajuaje kwamba hapana yake imepokelewa vyema? Asitegemee uso wa meneja, kwani siku chache za baridi baada ya kukataliwa ni jambo la kibinadamu. Aangalie mambo ya kazi. Je, bado anaitwa kwenye vikao vya maandalizi ya msimu? Je, vituo vyake ni vile vile sita, au vimepunguzwa bila maelezo? Je, kikao cha Oktoba kimewekwa kwenye ratiba? Mambo hayo yakiendelea kama kawaida, jambo limekwisha. Yakibadilika yote kwa pamoja, aombe mazungumzo mapema na aulize moja kwa moja iwapo kuna jambo linalohitaji ufafanuzi, kabla chuki haijaota mizizi.

Upo pia uwezekano kwamba meneja ataisoma barua na kusema: "Nimekuelewa, lakini utahama." Hapo pendekezo limegeuka amri, na mwenendo unapaswa kubadilika. Jambo la hatari kuliko yote ni kugoma kuripoti idara mpya, kwa kuwa hata mwenye hoja nzuri huhesabiwa mkosaji anapoacha kazi aliyopangiwa. Njia iliyo salama ni kuripoti, kuandika kwamba ameripoti huku akiendelea kuomba uamuzi uangaliwe upya, na kuomba taarifa zake za ajira zirekebishwe kwa maandishi kama sheria inavyotaka. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, kwa mfano TUICO, kiongozi wake aone barua zote mbili.

Mgogoro ukishindikana kumalizwa kazini, upo mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa mujibu wa kanuni zake za mwaka 2007, anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufungua shauri, na migogoro mingine ina siku 60. Siku hizo hupita haraka kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa anayesubiri "wazee waongee". Hata hivyo, aliyefika huko kwa ajili ya uhamisho wa idara tu ajue kwamba hata akishinda, safari yake ya kupanda katika kampuni hiyo itakuwa nzito. Ndiyo maana mazungumzo na barua, vikifanywa vizuri mwezi Machi, vina thamani kubwa kuliko shauri la Agosti.

Katika mfano wetu, meneja hakuridhika kabisa. Alikuna kichwa, akasema siku mbili kwa wiki ni chache, wakakubaliana siku tatu hadi katikati ya Aprili. Nafasi ya mhasibu msaidizi ilitangazwa. Kwenye barua aliyoirudisha kwa karani wa masijala, meneja aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu maneno manne: "Nikumbushwe kikao, Oktoba mwanzoni." Jalada likafungwa, na mfanyakazi akarudi vituoni kutafuta maturubai kabla pamba ya kwanza haijaletwa.